Robo ya Sahani Isiyo na Kimo: Uhakiki wa Vipimo vya Mlo wa Kisukari kutoka Kiingereza hadi Kiswahili cha Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna vipimo vya mlo vilivyomo katika miongozo ya Kiingereza ya ugonjwa wa kisukari vinavyobadilika maana vinapoletwa kwa Kiswahili katika kaya za Bujumbura. Hoja yake kuu ni kwamba katika matini ya aina hii kinachopaswa kuhamishwa ni kiasi cha wanga kinachofika kinywani mwa mgonjwa, na si jina la chakula wala jina la chombo. Makala inachambua vipengele vitatu, yaani robo ya sahani, ngumi na neno mboga, kisha inapendekeza kipimo kimoja kinachoweza kupatikana jikoni mwa kaya ya kawaida.

1.0 Utangulizi

Katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza jijini Bujumbura, Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya msikitini. Hata hivyo, mgonjwa wa kisukari anayeishi huko hupokea maelezo ya tiba kwa Kirundi au Kifaransa, na maandishi ya Kiswahili yanayomfikia kuhusu chakula chake kwa kawaida yana asili ya Kiingereza. Maandishi hayo hupitia kwanza kwa wafasiri wa Kiswahili sanifu, ambao aghalabu huwafikiria wasomaji wa Dar es Salaam au Nairobi. Kwa hiyo matini huwa imesafiri mara mbili kabla ya kufika Buyenzi: kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na kutoka pwani ya Bahari ya Hindi kwenda pwani ya Ziwa Tanganyika.

Sehemu ya safari hiyo inayoonekana kwa urahisi ni ya msamiati. Mwongozo ukitaja mchicha, kisamvu na dagaa, msomaji wa Bujumbura anafahamu kwamba kwake hizo ni lengalenga, sombe na ndagala. Tofauti hizo hutatuliwa kwa kubadilisha neno moja kwa jingine, na mhariri yeyote makini anaweza kuzishughulikia kwa siku moja. Ugumu uko kwenye vipimo. Mfasiri anaweza kutaja ugali, ndagala na lengalenga bila kosa lolote la jina, na bado akampa mgonjwa mlo wenye wanga maradufu ya ule uliokusudiwa.

Hans Vermeer, katika nadharia ya Skopos aliyoiasisi mwaka 1978, anashikilia kuwa tafsiri hupimwa kwa lengo lililokusudiwa kufikiwa na matini lengwa. Katika matini nyingi lengo ni jambo la kujadiliwa. Hapa ni jambo la kupimwa kwa kifaa: kwa wagonjwa wengi wasio wajawazito, Chama cha Kisukari cha Marekani hupendekeza sukari isizidi miligramu 180 kwa desilita ya damu, yaani milimoli 10 kwa lita, saa 1 hadi 2 tangu mlo uanze. Tafsiri ambayo msomaji wake anaifuata kikamilifu na bado anavuka kiwango hicho kila mchana ina walakini, hata ikiwa sarufi yake haina doa.

2.0 Kizio cha matini chanzi

Ili kuona kinachopotea, yafaa kwanza kujua matini chanzi inahesabu nini. Mwaka 1950 mashirika ya afya na lishe ya Marekani yalichapisha orodha za kubadilishana vyakula, ambazo zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Msingi wake ni kizio kimoja: gramu 15 za wanga. Kipande 1 cha mkate chenye uzito wa takriban gramu 30 ni kizio 1. Theluthi ya kikombe cha wali uliopikwa ni kizio 1. Nusu kikombe ya maharage yaliyopikwa ni kizio 1 pia, pamoja na protini yake. Mtu mzima hupangiwa idadi ya vizio kwa kila mlo kulingana na mwili, kazi na dawa zake, na mafunzo mengi huanza na vizio 3 hadi 4, yaani gramu 45 hadi 60.

Katika mfumo huu kipande cha mkate ni jiwe la mizani. Msomaji wa Marekani hununua mkate uliokwisha kukatwa kiwandani, vipande vyake vikiwa na unene mmoja, hivyo neno kipande kwake limebeba uzito ndani yake. Mkate unaopendwa Bujumbura ni ule mrefu uliorithiwa kutoka kwa Wabelgiji, na kila mlaji huukata au kuumega apendavyo. Nusu ya mkate wa aina hiyo wenye gramu 250 ina zaidi ya vizio 4, na hakuna kosa la lugha katika kuiita kipande kimoja.

Vivyo hivyo kwa neno kikombe. Katika Kiingereza cha mapishi cha Marekani, kikombe ni kipimo maalumu cha takriban mililita 240, si chombo cha kunywea chai. Kiswahili hakitofautishi mawili hayo. Aidha, likidondoka neno moja tu, uliopikwa, theluthi ya kikombe cha wali inasomeka kuwa theluthi ya kikombe cha mchele. Mchele huongezeka takriban mara tatu unapoiva, na kizio 1 huwa 3.

3.0 Robo ya sahani na kimo cha ugali

Kwa kuwa kuhesabu vizio kunawashinda wagonjwa wengi, miongozo ya miaka ya karibuni imekimbilia picha. Sahani ya Kisukari ya Chama cha Kisukari cha Marekani ina kipenyo cha inchi 9, yaani sentimita 23 hivi. Nusu yake ni mboga zisizo na wanga mwingi, robo ni protini, na robo iliyobaki ni vyakula vya wanga. Picha hiyo imeenea duniani, na Afrika Mashariki imeipokea kwa kubadilisha vyakula vilivyochorwa ndani yake: palipokuwa na viazi au tambi pamewekwa ugali.

Ubadilishaji huo ndio unaostahili kuhakikiwa zaidi, kwa sababu unaonekana kuwa umekamilisha kazi. Robo ya sahani ni kipimo cha eneo, ilhali wanga hukaa katika ujazo. Picha inaweza kuacha kimo kwa sababu vyakula ilivyobuniwa kwavyo havisimami. Tambi hutandazika, wali huporomoka, viazi vilivyopondwa hulala. Ugali husimama. Bugali wa muhogo, ambao ni chakula kikuu cha kaya nyingi za Bujumbura, husongwa hadi ukakaza, ukafinyangwa kwa mwiko na kupakuliwa kama kilima.

Tufanye hesabu. Sehemu bapa ya sahani ya sentimita 23, bila ukingo wake, ina kipenyo cha takriban sentimita 18. Robo ya eneo hilo ni kama sentimita za mraba 64. Ugali uliotandazwa hapo kwa kimo cha sentimita 2 utakuwa na uzito wa gramu 140 hivi, na ndani yake gramu 42 za wanga. Huo ni mlo uliokusudiwa na mwongozo. Ugali huohuo, katika robo hiyohiyo, ukisimama kwa kimo cha sentimita 5, utafika gramu 350 na kubeba zaidi ya gramu 100 za wanga, yaani vizio 7. Wagonjwa wote wawili wametii picha. Anayeonekana kuwa mkaidi siku ya kupimwa damu huenda amefuata maagizo sawasawa na mwenzake.

Makadirio haya yanatokana na unga wenyewe. Gramu 100 za unga mkavu wa muhogo zina gramu 85 hivi za wanga, na protini isiyozidi gramu 2. Kaya ya watu 6 ikisonga kilo 1 ya unga kwa lita 2 za maji, baada ya mvuke kutoka itapata ugali wa takriban kilo 2.8, ambao kila gramu 100 zake zina gramu 30 za wanga. Wakigawana sawasawa, kila mmoja atapata gramu 470 hivi za ugali, sawa na vizio 9 na zaidi. Ugali mwepesi utakuwa na wanga kidogo kwa uzito uleule, na mgumu zaidi utakuwa na mwingi. Kwa sababu hiyo hesabu iliyo salama zaidi ni ile inayoanzia kwenye unga kabla haujaingia sufuriani.

4.0 Ngumi, tonge na donge

Njia nyingine inayosifiwa ni ya kupima kwa mkono, ambayo katika maandishi ya Kanada huhusishwa na Zimbabwe. Ngumi hupima wanga, kiganja hupima nyama, viganja viwili vilivyokunjuliwa hupima mboga, na ncha ya kidole gumba hupima mafuta. Uzuri wake ni kwamba hakuna asiye na mkono, na mkono wa mtu mkubwa ni mkubwa. Kwa kaya zisizo na mizani ni hatua njema.

Hata hivyo, ngumi nayo hupima ujazo pekee na kuacha uzito. Ngumi ya mtu mzima wa wastani hukaribia mililita 240. Wali wa ujazo huo una hewa kati ya punje zake, na wanga wake ni kama gramu 45, vizio 3. Bugali wa ujazo huohuo umeshikamana bila nafasi ndani yake. Utakuwa na uzito wa gramu 260 hivi na wanga unaokaribia gramu 80, vizio 5 na zaidi. Mwongozo unaosema ngumi moja ya wali au ugali umeunganisha kwa kiunganishi kimoja milo miwili inayotofautiana kwa vizio 2 au zaidi.

Kiswahili chenyewe kina maneno mawili yaliyo karibu na kipimo hiki. Tonge ni kile kinachomegwa kwa vidole na kupelekwa kinywani. Donge ni bonge zima. Sauti zinakaribiana, na katika uchapaji herufi moja hutosha kugeuza moja kuwa jingine. Matonge mawili ya kawaida ya bugali hufanya gramu 50 hivi, ambazo ni kizio 1. Donge moja laweza kuwa vizio 9. Mfasiri anayeandika tonge anapaswa kusema ni mangapi, na anayeandika donge hajapima chochote.

5.0 Mboga: neno lililo pana kuliko nusu ya sahani

Tatizo la pili la picha ya sahani ni la kisemantiki. Mwongozo wa Kiingereza unaagiza nusu ya sahani ijazwe vyakula kama kabichi, biringanya, nyanya, karoti na majani. Kiswahili kinalitumia neno mboga kwa vyakula hivyo, lakini kwa wazungumzaji wengi neno hilo pia humaanisha chochote kinacholiwa pamoja na ugali. Mama akiulizwa leo kuna mboga gani, anaweza kujibu ndagala, nyama au maharage, na jibu lake ni sahihi. Kwa mzungumzaji huyo, agizo kwamba nusu ya sahani iwe mboga limetimizwa mara tu maharage yalipojaa nusu ya sahani.

Maharage ndiyo kisa kinachohitaji uangalifu mkubwa nchini Burundi, kwa kuwa huliwa karibu kila siku. Katika mwongozo wa Marekani yenyewe yana uraia wa nchi mbili: hutajwa kati ya protini za mimea, na hutajwa pia kati ya vyakula vya wanga. Msomaji wa huko hayali kila siku, hivyo utata huo haumdhuru sana. Mgonjwa wa Buyenzi anayeweka bugali katika robo ya wanga, maharage katika robo ya protini, na maharage tena katika nusu ya mboga, amejaza sahani nzima kwa wanga bila kuvunja kanuni hata moja. Wanga wa maharage huingia katika damu polepole kuliko wa muhogo, na nyuzinyuzi zake zina faida, hivyo hakuna sababu ya kuyakataza. Yanapaswa tu kuhesabiwa.

Istilahi mboga za majani, ambayo wafasiri huitumia kuondoa utata, inafaa kwa lengalenga na sombe lakini inaziacha nje biringanya, nyanya na karoti. Ni bora mwongozo uorodheshe vyakula vyenyewe kwa majina ya mahali: nusu ya sahani iwe lengalenga, sombe, kabichi, biringanya au nyanya. Na kwa sombe pana neno la kuongeza. Majani ya muhogo yana wanga kidogo, lakini hupikwa kwa mawese, na mara nyingi kwa karanga. Mgonjwa anayehitaji kupunguza uzito apimiwe mawese kwa kijiko, kwa sababu mwongozo wa Kiingereza ulipohimiza majani haukufikiria jungu la namna hii.

6.0 Sinia moja na kipimo cha kikombe

Sahani ya Kisukari inachukulia kwamba kila mlaji ana sahani yake. Katika kaya nyingi za Kiswahili watu hula pamoja kutoka sinia moja, na mipaka ya nusu na robo haipo. Mfasiri anaweza kuagiza mgonjwa atengewe sahani, lakini agizo hilo lina gharama. Kula peke yake humtangaza mtu kuwa mgonjwa mbele ya wageni, na kwa mama wa nyumba huweza kuonekana kama kujitenga na watoto wake. Agizo lenye gharama kama hiyo husikilizwa zahanati na kuachwa mlangoni.

Pendekezo la makala hii ni kuhamisha kipimo kutoka sahani kwenda sufuria, yaani kupima wakati wa kupakua. Chombo kiwe kikombe cha chai cha nyumbani, kilichochaguliwa kwa jaribio moja: chupa ya maji ya nusu lita inapaswa kukijaza mara 3 bila kubaki kitu. Kikombe hicho huchukua takriban mililita 165. Kikishindiliwa bugali na kusawazishwa juu kwa kisu, hutoa gramu 180 hivi za ugali zenye gramu 55 za wanga. Kikipinduliwa, ugali hutoka ukiwa na umbo lake, na waweza kuwekwa mbele ya mgonjwa katika sinia ileile wanayokula wenzake. Anachovya mboga pamoja nao, lakini ugali wake una mpaka.

Kwa kikombe hicho, mlo wa mchana wa mtu aliyepangiwa vizio 3 hadi 4 unaandikika kwa sentensi tatu. Ukila bugali kwa ndagala, mukeke au nyama, pakua kikombe 1 cha bugali. Ukila bugali kwa maharage, pakua theluthi 2 za kikombe cha bugali na kikombe 1 cha maharage. Ukila wali kwa samaki, pakua kikombe 1 na nusu cha wali. Idadi zinatofautiana kwa sababu wanga unatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo iliyofichwa na ngumi na robo ya sahani. Katika kila mlo, lengalenga au kabichi iongezwe kadiri ya njaa, kwani mtu aliyezoea gramu 470 za ugali hatatosheka na 180 pasipo kitu kingine cha kujaza tumbo.

Pendekezo hili lina mipaka miwili. Kwanza, hesabu zake zinategemea ugali wa muhogo uliosongwa kwa maji mara mbili ya unga. Kaya inayochanganya unga wa mahindi, au inayopenda ugali mwepesi, itapata namba tofauti kidogo. Uhakiki wake ni kupima sukari kabla ya mlo na saa 2 baada ya kuanza kula, kwa siku chache za mlo uleule. Pili, na hili ni zito zaidi, mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamaidi amepangiwa dozi kwa kufuata ulaji wake wa zamani. Akishuka kutoka vizio 9 hadi 4 kwa siku moja bila dozi kuangaliwa upya, sukari yake inaweza kuanguka chini ya miligramu 70 kwa desilita, naye akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa. Dawa ya haraka ni vijiko 3 vya chai vya sukari ndani ya maji, kwa mtu anayeweza kumeza. Mwongozo unaopunguza ugali bila kumwagiza mgonjwa amwone kwanza mtoa dawa umefasiri nusu ya ushauri na kuacha nusu iliyo ya hatari.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba vipimo vya mlo vina utamaduni ndani yake kama zilivyo methali. Kipande kimebeba kiwanda cha mkate, robo ya sahani imebeba vyakula vinavyolala, na ngumi imebeba wali. Vikiletwa Bujumbura kwa kubadilisha majina ya vyakula pekee, vinadumisha umbo la matini chanzi na kupoteza gramu zake. Eugene Nida (1964) alihimiza ulinganifu wa athari kati ya msomaji wa matini chanzi na wa matini lengwa. Katika mwongozo wa kisukari athari hiyo ina namba, na mfasiri hana budi kuifahamu kabla ya kuandika neno la kwanza.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba kila mwongozo wa mlo unaofasiriwa kwa ajili ya kaya za Burundi upitie jikoni kabla ya kupitia kwa mchapishaji. Mfasiri, mtaalamu wa lishe na mpishi wa Buyenzi wakae pamoja, wapime unga, wasonge ugali, wapakue kwa kikombe na wapime uzito wa kilichopakuliwa. Kazi hiyo inahitaji mizani moja na asubuhi moja. Matokeo yake yaandikwe kando ya sentensi husika katika rasimu, ili mhariri wa Kiswahili atakayefuata ajue ni maneno yapi anaweza kuyapamba na ni yapi yamebeba uzito asioruhusiwa kuugusa.